Ombi la kuondolewa amri ya kuzuiwa kutoka nchini

Pwani Tatu Uchukuzi Limited
Changamwe, Mombasa

14 Julai 2025

Kamishna,
Mamlaka ya Mapato Kenya,
Ofisi ya Mombasa.

Kwa Mheshimiwa Kamishna,

MINT: OMBI LA KUONDOLEWA AMRI YA KUZUIWA KUTOKA NCHINI BAADA YA MAKUBALIANO YA MALIPO

Mimi ni mkurugenzi wa kampuni iliyotajwa hapo juu, na ndiye mwenye hisa nyingi. Tarehe 11 Februari 2025 ulitoa amri ya kunizuia kutoka nchini kwa sababu ya malimbikizo ya kodi ya kampuni. Naomba amri hiyo iondolewe, kwa kuwa deni limewekewa makubaliano na malipo yanaendelea.

Deni lenyewe silipingi. Mwaka 2023 tulibeba makontena ya mteja mmoja kutoka Kilindini hadi maghala ya Nairobi kwa miezi kadhaa. Tulimwandikia ankara kila mwezi, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ikawa inadaiwa tangu siku ya ankara, alipe asilipe. Hakulipa. Mimi nikachagua kulipa dizeli na mishahara ya madereva nikitumaini fedha zake zingeingia, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu tarehe 20 ya kila mwezi ilikuwa inapita na kodi haijalipwa. Kodi ilifika shilingi 4,200,000. Faini ya asilimia 5 ni shilingi 210,000, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi ilikuwa imefika 756,000. Jumla shilingi 5,166,000.

Amri niliijua tarehe 2 Machi, pale mpakani Lunga Lunga. Afisa wa uhamiaji alitazama skrini, akatazama tena pasipoti yangu, kisha akaifunga na kuniomba nikae kando. Alinieleza kwa upole. Barua ilikuwa imetumwa kwenye sanduku la posta tulilokwisha kuliacha, na kosa la kutobadilisha anwani kwenye iTax ni letu, sasa tumeibadilisha. Nilirudi Mombasa kwa matatu, na kesho yake nikaja ofisini kwako.

Tarehe 28 Aprili tulitia saini makubaliano ya kulipa kwa awamu. Siku iliyofuata kampuni ililipa shilingi 1,566,000. Zilizobaki, shilingi 3,600,000, ni za kulipwa kwa awamu 12 za shilingi 300,000, kabla au ifikapo tarehe 5 ya kila mwezi. Ya Juni imelipwa, ya Julai tumeilipa mapema, tarehe 3. Limebaki deni la shilingi 3,000,000, na awamu ya mwisho ni Mei 2026, ambapo pia tutalipa riba itakayokuwa imeongezeka juu ya salio. Kodi za sasa, za mauzo na za mishahara, zimewasilishwa na kulipwa kwa wakati tangu Aprili. Nimeambatisha makubaliano, risiti zote tatu za benki na taarifa ya leja kutoka iTax.

Kifungu cha 45 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 kinaeleza kwamba amri ya namna hii huondolewa kodi ikilipwa yote, au mhusika akifanya mpango wa malipo unaomridhisha Kamishna. Makubaliano ya Aprili yana saini ya ofisi yako. Kwa heshima, naamini sharti hilo la pili limetimia.

Sina mpango wa kukimbia deni. Malori sita ya kampuni yetu yako Changamwe, watoto wangu wanasoma hapa Mombasa, na fedha za awamu zinatoka kwenye safari za malori hayo hayo. Ila mama yangu mzazi anaishi Tanga. Ana miaka 78, alianguka mwezi wa tano akavunjika nyonga, na mimi ndiye mwanawe wa kiume pekee. Ndugu zangu wananipigia simu jioni na kumwekea sikioni. Huniuliza, "Mwanangu, waja lini?" Sijapata la kumjibu. Safari yenyewe ni ya saa chache tu kwa barabara, nami niko tayari kukuarifu kabla ya kila safari hadi deni liishe, ukiona inafaa.

Naomba basi uiondoe amri, umjulishe Mkurugenzi wa Huduma za Uhamiaji ili jina langu litolewe kwenye mfumo wa vituo vya mipakani, Lunga Lunga pamoja na Uwanja wa Ndege wa Moi, na unipe nakala ya uamuzi huo. Nitaibeba pamoja na pasipoti, maana mfumo unaweza kuchelewa kusasishwa. Ikiwa kuna jambo lolote katika makubaliano ambalo halijakuridhisha, nijulishe nami nitalirekebisha kabla ya awamu ya Agosti.

Wako mwaminifu,

Hamisi Juma Mwinyi
Mkurugenzi, Pwani Tatu Uchukuzi Limited

Nakala: Mhasibu wa kampuni