Kumbukumbu ya kikao cha tathmini: mauzo ya tiketi kusimama usiku wa Alhamisi, 19 Desemba 2024

Kikao: Jumatatu, 23 Desemba 2024, 10:00 hadi 11:25, ofisini Dar es Salaam.
Waliohudhuria: zamu ya mchana, zamu ya usiku, msimamizi wa hifadhidata, timu ya ripoti, huduma kwa wateja, na mwakilishi wa mawakala wa stendi ya Mbezi.

Saa zote humu zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki. Sababu ya kulitaja hili mapema itaonekana mbele. Watu wametajwa kwa kazi zao, si kwa majina, kama tulivyokubaliana tangu tathmini ya mwezi Juni.

Kilichotokea

Saa 21:52 hifadhidata kuu ya tiketi ilizima kwa sababu diski ilijaa, na kila ilipojaribu kuwaka ilizima tena. Mauzo yalirudi saa 23:19, yaani dakika 87 baadaye. Wateja 312 walikatwa pesa kwenye simu bila kupata tiketi. Wote walishughulikiwa kufikia Ijumaa mchana. 303 walipewa tiketi zao na 9 wakarudishiwa pesa. Mawakala wa Mbezi walirudi kwenye vitabu vya karatasi, na viti 14 vikauzwa mara mbili, vingi kwenye mabasi ya alfajiri ya Moshi na Arusha. Mwakilishi wao alisema, na ikaandikwa kama alivyosema: "Nyie mlikuwa mnatazama skrini, sisi tulikuwa tunatazamana na abiria mwenye watoto wawili na mizigo saa kumi na moja asubuhi."

Mlolongo wa sababu

Jumanne tarehe 17, saa 10:00, seva ya nakala iliyokuwa ikitumiwa na timu ya ripoti ilizimwa ili kazi yake ihamie kwenye seva mpya. Mhandisi alifuata mwongozo wetu wa ndani hatua kwa hatua. Mwongozo ulikuwa na hatua saba, na hakuna hata moja iliyogusa sloti ya kunakilishia inayobaki kwenye hifadhidata kuu. Seva ikaondoka, sloti ikabaki.

Sloti ya namna hiyo ni ahadi. Hifadhidata kuu inatunza kumbukumbu zote za mabadiliko (`pg_wal`) hadi nakala ije izichukue. Nakala isipokuja, zinaendelea kurundikana. Msimu huu wa watu kwenda mikoani tunazalisha kama GB 20 kwa siku. Diski ni ya GB 200 na ilikuwa na GB 150 tayari, kwa hiyo tangu Jumanne asubuhi tulikuwa na siku mbili na nusu tu. Baada ya hifadhidata kuwaka, swali hili ndilo lililofumbua fumbo:

```sql
SELECT slot_name, active,
       pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(
         pg_current_wal_lsn(), restart_lsn))
FROM pg_replication_slots;
```

Jibu: `ripoti_slot`, `f`, `49 GB`. Hiyo `f` maana yake hakuna anayeitumia.

Je, kengele haikulia? Ililia. Kengele ya diski kufika asilimia 80 hulia kila usiku saa 01:00, bakapu inapoandika faili lake la muda la GB 14 kwenye diski hiyo hiyo, kisha hutulia kabla ya alfajiri. Imekuwa hivyo tangu mwezi Agosti, na zamu zote mbili zimeizoea kama adhana ya jirani. Jumanne ililia saa 22:00, saa tatu kabla ya kawaida yake, na safari hii haikutulia. Lakini mfumo hutuma ujumbe wa kuanza na ujumbe wa kutulia tu. Ujumbe ambao haukuja haumshtui mtu. Kikao kilikaa sana hapa, na tunaona hiki ndicho chanzo kizito kuliko ile hatua iliyokosekana kwenye mwongozo: sisi wenyewe tuliifundisha timu kutoisikiliza kengele hii.

Saa nne ipi?

Alhamisi saa 17:40 mhandisi wa mchana aliiona grafu, akapiga hesabu, akaomba kibali cha kuongeza diski, kisha akaandika kwenye kundi la zamu: "Diski ya DB itajaa kama saa 4, nimeomba iongezwe, fuatilieni." Alimaanisha saa nne usiku. Mhandisi wa usiku aliusoma ujumbe huo huku amefungua grafu zetu zinazoonyesha saa 24, akaelewa 04:00, yaani saa kumi alfajiri. Akapanga kuiangalia baada ya bakapu. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa saa yake. Tulicheka kikaoni, ila ni kicheko cha gharama.

Kibali chenyewe kilitoka saa 22:30, diski ikiwa imeshajaa.

Wakati wa tukio

Malalamiko ya kwanza yalikuja kama "pesa imekatwa, tiketi haijaja", kwa hiyo dakika 35 za mwanzo ziliishia kwenye kukagua kiungo cha malipo. Ndivyo mtu yeyote angefanya, maana mara mbili za mwisho tatizo lilikuwa huko. Saa 22:27 ndipo mtu alipofungua logi za hifadhidata na kukuta `No space left on device`.

Palitolewa wazo la kufuta faili ndani ya `pg_wal` kwa mkono. Msimamizi wa hifadhidata, aliyepigiwa akiwa nyumbani, alikataa, kwani faili hizo ndizo hifadhidata inazozihitaji ili iwake salama. Badala yake zilifutwa ripoti kuukuu za GB 6 zilizokuwa pembeni kwenye diski hiyo hiyo, hifadhidata ikawaka saa 23:03, kisha:

```sql
SELECT pg_drop_replication_slot('ripoti_slot');
CHECKPOINT;
```

Diski ilishuka chini ya asilimia 75. Bila simu ile pengine leo tungekuwa tunajadili data iliyopotea. Iandikwe pia kwamba namba yake haikuwa kwenye orodha ya zamu. Mhandisi wa usiku alikuwa nayo kwa sababu wamewahi kufanya kazi pamoja.

Tulichokubaliana

Faili la muda la bakapu litahamishiwa diski nyingine ifikapo 27 Desemba (zamu ya usiku), ili kengele ya asilimia 80 ikilia iwe na maana. Kengele hiyo itarudia kila saa hadi itulie, na itaongezwa nyingine ya sloti isiyotumika kwa zaidi ya dakika 30.

Mwongozo wa kuzima nakala umeshaongezewa hatua ya nane, tangu Ijumaa.

Makabidhiano ya zamu yataandika saa kwa tarakimu nne, 22:00 au 04:00. Kwa mdomo kila mtu aseme anavyosema.

Zamu inaruhusiwa kuiongezea diski nafasi isiyozidi GB 100 bila kusubiri kibali, na kutoa taarifa baadaye. Namba ya msimamizi wa hifadhidata na ya mbadala wake zimewekwa kwenye orodha.

Kuhusu `max_slot_wal_keep_size`, ambayo kwetu iko `-1`, yaani haina kikomo, hatukuafikiana. Msimamizi anataka GB 20. Timu ya ripoti inasema seva yao ikikatika siku nzima itabidi ijengwe upya. Mwandishi wa kumbukumbu hii anaona ripoti kuchelewa ni nafuu kuliko stendi kusimama, ila uamuzi umeahirishwa hadi 6 Januari, timu ya ripoti ije na muda halisi wa kuijenga upya.

Suala la viti 14 halijapata jibu. Mawakala wanaomba orodha ya viti vilivyokwisha kuuzwa ichapishwe kila saa msimu huu, na huduma kwa wateja itakwenda Mbezi Ijumaa kuona kama printa za pale zinaweza kazi hiyo.