Maswali matatu kuhusu "maliza dozi": rasimu ya kuhakiki

Shikamoo Dokta,

Mahojiano yetu yalichukua dakika 70 na yakazaa kurasa 14 za maandishi. Nafasi niliyopewa ni nusu ukurasa: maswali matatu, majibu mafupi. Hiki hapa ndicho kitakachochapwa. Chini yake nimekuwekea vipande vya rekodi nilivyovitegemea, maneno yako kama yalivyotoka kinywani, ili upime mwenyewe kama nimekubana tu au nimekupotosha.

KITAKACHOCHAPWA

Dozi ni siku ngapi, na nani anaamua?

Kwa miaka mingi wagonjwa wameambiwa wamalize dozi ya antibayotiki hata kama wameshapona, la sivyo vimelea vitakuwa sugu. Mfamasia wa hospitali anayesimamia matumizi ya antibayotiki anasema sababu hiyo ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Hata hivyo, hamshauri mtu yeyote aache dawa kwa kuwa amejisikia nafuu.

Je, kuacha antibayotiki mapema ndiko kunakozaa usugu?
Kwa maambukizi mengi ya kawaida, ushahidi wa hilo ni mdogo. Kinachochochea usugu ni kila siku ambayo bakteria wanakutana na dawa, pamoja na wale wa utumboni ambao hawakumdhuru mtu. Siku za ziada zisizo na kazi zinaongeza tatizo. Kifua kikuu ni habari nyingine: huko kukatisha tiba kunaleta usugu kweli, na hilo sibishani nalo.

Basi mgonjwa akipata nafuu siku ya tatu, aache?
Hapana, asiache kwa uamuzi wake. Nafuu ni dalili nzuri, lakini haisemi kila kitu. Maambukizi ya mfupa au ya vali za moyo yanataka wiki kadhaa hata homa ikishashuka. Arudi kwa aliyemwandikia, amuulize: hizi siku zilizobaki bado zina kazi? Vidonge vikibaki, asiviweke akiba wala asimpe mtu.

Nani abadilike kwanza?
Sisi tunaoandika na kutoa dawa. Tuandike muda mfupi kuliko wote uliothibitishwa kwa ugonjwa ule. Nimonia ya kawaida kwa mtu mzima anayeendelea vizuri, siku tano mara nyingi zinatosha. Na kabla ya kuhesabu siku, tujiulize kama dawa yenyewe inahitajika. Mafua ni virusi, antibayotiki haiyagusi.

KUTOKA KWENYE REKODI

Dakika ya 6.

Mimi: Dokta, tuanze na kile ambacho kila mtu anakijua. Maliza dozi.

Wewe: Ngoja kwanza. Kila mtu anakijua, sawa, lakini muulize amekijulia wapi. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, nikawaambia wagonjwa hivyo miaka na miaka, na sikuwahi kuuliza ushahidi uko wapi. Mwaka 2017 jarida la BMJ likachapa makala ya wataalamu waliosema hadharani kwamba huo ujumbe hauna msingi imara. Watu wakashtuka. Mimi sikushtuka sana, maana nilikuwa nimeshaanza kujiuliza. Wazo la zamani ni kwamba ukiacha mapema, bakteria waliobaki ndio wenye nguvu, basi watazaliana. Linaingia akilini, ndiyo maana halijafa. Lakini kwa bakteria wengi usugu haukai pale penye ugonjwa unaoutibu. Unakaa utumboni, kwenye ngozi, puani. Wapo mabilioni pale, hawana ugomvi na wewe, na kila kidonge unachomeza kinawapitia. Wale wanaohimili wanabaki na kuongezeka. Siku moja mmoja wao anaingia kwenye njia ya mkojo, ndipo unapogundua kuwa dawa haimwezi.

Mimi: Kwa hiyo dozi ndefu ni mbaya?

Wewe: Usiniwekee neno hilo mdomoni. Dozi ndefu *isiyohitajika* ni mbaya. Kifua kikuu tiba ya kawaida ni miezi sita, na mtu akikatisha tunapata matatizo makubwa, usugu ukiwamo. Ukiandika habari yangu bila kifua kikuu, nitakukana.

(Hapo ndipo lilipotoka swali la kwanza. Kifua kikuu nimekiweka ndani ya jibu lenyewe, si kwenye mabano wala tanbihi, kwa sababu msomaji wa haraka hasomi mabano. "Nitakukana" nimeiacha huku, ila nimeisikia.)

Dakika ya 31.

Mimi: Msomaji wangu atasoma haya, kesho ataacha dawa siku ya tatu.

Wewe: Hilo ndilo linaloniogopesha kuhojiwa. Ujumbe wa zamani ulikuwa na kosa kwenye sababu, lakini ulikuwa na faida moja: ulikuwa mfupi. Wangu ni mrefu. Sikiliza. Mgonjwa akijisikia nafuu, hiyo ni taarifa, tuiheshimu. Lakini yeye hajui anaumwa nini kwa undani. Maambukizi ya mfupa, wiki sita ni kawaida. Vali za moyo, wiki nne hadi sita. Homa imeshuka, anakula, anatembea, na bado vimelea vipo vimejificha. Kuna hata koo. Koo la bakteria la mtoto linaweza kupona lenyewe, lakini tunatibu kwa sababu nyingine: kuzuia homa ya baridi yabisi, ambayo inaharibu moyo. Sasa mzazi atajuaje hilo kwa kumwangalia mtoto anacheza? Hawezi. Kwa hiyo asiamue peke yake. Aulize. Na sisi tumzoeze kuuliza, tusimkasirikie akiuliza.

Mimi: Na vidonge vilivyobaki?

Wewe: Arudishe famasi kama wanapokea. Asiweke kwenye droo. Ile droo, ndugu yangu, ndiyo famasi ya pili ya kila nyumba, na haina mfamasia.

(Kuhusu droo nilicheka tena niliposikiliza. Nimeikata kwa sababu ya nafasi tu, na roho inaniuma. Mfano wa koo nao umebaki huku: ni mzuri, ila unadai maelezo mengine manne ndipo ueleweke, na nikiuchapa nusu, mzazi mmoja atausoma kinyume. Mfupa na moyo vinatosha kuonyesha kuwa nafuu na kupona ni vitu viwili.)

Dakika ya 52.

Mimi: Ukiniambia lawama ni ya nani.

Wewe: Lawama sitaki. Niulize kazi ni ya nani. Kazi ni ya aliyeshika kalamu. Tunaandika siku saba kwa sababu wiki ina siku saba, siku kumi kwa sababu vidole ni kumi. Hakuna sababu nyingine! Nimonia ya mtu mzima asiye na matatizo mengine, anayepata nafuu, siku tano zinatosha mara nyingi. Sisemi kila mara. Akiwa na kinga dhaifu, akiwa na usaha kifuani, tunazungumza mambo mengine. Halafu kabla ya siku kuna swali la kwanza kabisa: anahitaji antibayotiki? Mtu ana mafua, makamasi yamekuwa ya kijani, anasema ni bakteria. Rangi ya kijani inatoka kwenye chembe za kinga za mwili wake mwenyewe, haithibitishi bakteria. Tunampa dawa ili aondoke ameridhika. Hapo hata ukijadili siku tatu au saba, umeshakosea, kwa sababu idadi sahihi ni sifuri.

(Nilitaka sana kuchapa "idadi sahihi ni sifuri". Ikikaa peke yake kwenye ukurasa, hata hivyo, mtu mwenye nimonia anaweza kuibeba nyumbani kama yake. Nimebakiza mafua na virusi, maana vinashikika bila kuumiza mtu.)

NILIVYOVIACHA

Ule mkasa wa Fleming umetoka wote. Ulinieleza vizuri: aliigundua penisilini mwaka 1928, na mwaka 1945, kwenye hotuba yake ya Nobeli, akatoa hadithi ya mtu wa kubuni anayetumia penisilini kidogo mno kwa koo linalouma, kisha anamwambukiza mkewe vimelea vilivyokuwa sugu. Ukaniongezea kwamba wale bakteria wa koo aliowatolea mfano ndio ambao mpaka leo penisilini bado inawaua. Hiyo ni makala nyingine nzima, na nitakuomba tuiandike. Hapa ingekula jibu moja kati ya matatu.

Takwimu ya vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019, vinavyokadiriwa kutokana moja kwa moja na bakteria sugu, nimeipeleka kwenye kisanduku cha pembeni pamoja na maelezo kuwa ni makadirio. Ungekuwa umeitaja kama hoja ningeiacha kinywani mwako, lakini ulinijibu tu nilipokuuliza tatizo ni kubwa kiasi gani. Makundi matatu ya antibayotiki yaliyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 nayo nimeyaacha. Yanawahusu zaidi wanaoandika cheti kuliko wanaokipokea.

Maswali, utaona, si yale niliyokuuliza. La kwanza niliuliza kwa kauli, sio kwa swali. La tatu nilitumia neno "lawama" nawe ukalikataa, nami nimekubali. Majibu ni maneno yako yaliyofupishwa na kuunganishwa, ndiyo maana sikuyafungia kwenye alama za kunukuu, na chini ya ukurasa patasomeka: "Mahojiano yamefupishwa na kuhaririwa."

Pana neno moja tunalovutana hapa ofisini. Kwenye jibu la tatu, mhariri wangu anataka "siku tano zinatosha", bila "mara nyingi", kwa madai kwamba sentensi inanyooka zaidi. Inanyooka kweli. Nimemwonyesha rekodi, pale uliposema "sisemi kila mara", na kwa sasa neno limebaki. Naomba uniandikie mstari mmoja tu kulithibitisha, nimpelekee.

Na kwenye jibu la pili, "nafuu ni dalili nzuri" ni maneno yangu. Wewe ulisema "ni taarifa, tuiheshimu". Niliogopa "taarifa" itasomeka kama habari ya redioni. Kama unaona "dalili nzuri" inamsukuma mgonjwa kuacha dawa, niambie, nitarudisha lako.

Ukurasa unafungwa Alhamisi saa tisa alasiri. Ukisahihisha kwa kalamu na kunipigia picha, inatosha.