Kuhusu: Ankara Na. 2291 imefika bila bidhaa, kiasi wala tarehe ya kulipa – tunaomba nakala iliyojazwa kabla ya Jumatano saa 10 jioni

Kwa: Ndugu Salim, Idara ya Mauzo na Ankara
Nakala: Msimamizi wa Ununuzi, Msimamizi wa Ghala
Tarehe: Jumanne, 10 Juni 2025
Viambatisho: INV-2291.pdf kama ilivyotufikia. Oda ya ununuzi OM-0386. Hati za kupokelea mzigo za 29 Mei na 3 Juni

Ndugu Salim,

Habari za kazi? Natumaini hujambo.

Ankara yenu Na. 2291 tuliipokea jana asubuhi, lakini haina orodha ya bidhaa, haina kiasi cha fedha, na haina tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwa hali hiyo siwezi kuiingiza kwenye malipo. Naomba mtutumie nakala iliyojazwa kabla ya kesho, Jumatano tarehe 11 Juni, saa 10 jioni. Ikitufikia ndani ya muda huo, itaingia kwenye malipo ya Ijumaa hii, tarehe 13. Ikichelewa, itabidi isubiri malipo yanayofuata ya Ijumaa tarehe 27, na hilo nisingependa liwapate, kwa sababu mzigo mlishauleta na kazi yenu mmeshaifanya.

Nieleze nilichokiona, ili mtu wenu wa mfumo asipoteze muda kutafuta. Faili ina ukurasa mmoja. Juu kuna nembo yenu, namba ya ankara, tarehe 9 Juni 2025, na jina letu kama mteja. Chini yake lipo jedwali lenye vichwa vyote: maelezo, idadi, bei ya kimoja, jumla. Safu zilizo chini ya vichwa hivyo ziko wazi kabisa. Visanduku vya jumla ndogo, kodi ya ongezeko la thamani na jumla kuu navyo ni vitupu. Penye "Lipa kabla ya" hakuna kilichoandikwa. Mwisho wa ukurasa pameandikwa "Ukurasa 1/2", lakini ukurasa wa pili haukuja.

Kabla ya kukuandikia nilitaka kujihakikishia kwamba tatizo haliko kwetu. Nimeifungua faili kwenye kompyuta mbili zenye programu tofauti na kwenye simu, nikaichapa pia kwenye karatasi, na kote imetoka vilevile. Nimechagua maandishi yote ya ukurasa na kuyanakili pembeni, kwa kuwa mara nyingine maandishi huwepo ila yamefichwa na rangi au na mwandiko ambao kompyuta haina. Kilichotoka ni vichwa vya jedwali, taarifa za juu, na akaunti ya benki na namba ya ukurasa zilizo chini tu. Kwa hiyo naamini takwimu hazikuwahi kuingia kwenye faili. Inawezekana ankara ilitumwa ikiwa bado rasimu, au mfumo ulitengeneza faili kabla oda haijaunganishwa nayo. Tafadhali ifungueni nakala iliyobaki kwenye barua pepe mliyotuma, msiangalie ile iliyo ndani ya mfumo wenu pekee, maana hizo mbili zaweza kutofautiana. Nimeambatisha faili yenyewe ili mlinganishe.

Msimamizi wetu wa ununuzi aliuliza kama tungeweza kuchukua kiasi kutoka kwenye oda na kulipa tu, kwa kuwa bei tunazijua. Nimemjibu kwamba hatuwezi, nawe nakueleza sababu zake. Kila malipo tunayalinganisha kwa nyaraka tatu: oda tuliyotoa, hati ya kile ambacho ghala limepokea, na ankara ya msambazaji. Ya tatu ikiwa tupu, kinachobaki ni sisi kujidai wenyewe fedha kwa niaba yenu, na mkaguzi akija hatutakuwa na hati ya kumwonyesha. Isitoshe, kodi tunayotakiwa kurejeshewa tunaidai kwa ankara inayoonyesha kiasi cha kodi kilichotozwa, na hii haionyeshi chochote.

Ila sababu nzito zaidi ni kwamba oda hii haikuja yote kama ilivyoagizwa. Hapa ndipo naomba tuelewane vizuri, kwa sababu ankara ikitoka upya kwa idadi ya oda badala ya idadi iliyopokelewa, tutarudi kuandikiana tena wiki ijayo.

Oda OM-0386 ya tarehe 19 Mei ilikuwa ya maboksi makubwa 1,200, maboksi madogo 2,000, rola 60 za utepe wa gundi na rola 25 za plastiki ya kufungia mizigo. Mliileta kwa awamu mbili. Tarehe 29 Mei tulipokea maboksi makubwa 1,200 na rola 60 za utepe, vyote vikiwa vizima. Tarehe 3 Juni zilifika rola 25 za plastiki pamoja na maboksi madogo 2,000, lakini maboksi 40 kati ya hayo yalikuwa yamepondeka kwenye kona na hayakufaa kupakiwa kitu. Dereva wenu aliyaona, akakubali, akayarudisha siku hiyohiyo. Saini yake ipo kwenye hati ya kupokelea mzigo niliyoambatisha, karibu na maandishi ya mkono ya msimamizi wa ghala. Maboksi madogo tuliyobaki nayo, na tutakayoyalipia, ni 1,960.

Kwa hiyo ankara mpya itueleze mambo haya wazi. Je, inadai awamu zote mbili au ya kwanza peke yake? Sisi tungependa ankara moja kwa mzigo wote, lakini kama utaratibu wenu ni kutoa ankara kwa kila awamu, basi tuleteeni zote mbili kwa pamoja ili tusilipe nusu na kuacha nusu ikining'inia. Kila bidhaa iwe na mstari wake, idadi yake na bei yake ya kimoja kama ilivyo kwenye oda. Namba OM-0386 iandikwe juu. Mfumo wetu hutafuta kwa namba hiyo, na ankara isiyo nayo hubaki bila kufanyiwa kazi hadi mtu aikute kwa macho. Usafirishaji tulikubaliana umo ndani ya bei, hivyo sitarajii mstari wa ziada. Kama upo, naomba nijulishwe kabla ankara haijatolewa.

Kuhusu maboksi 40: kama mna mpango wa kuleta mengine badala yake, yaacheni nje ya ankara hii na muyadai yatakapofika. Kama hamtayaleta, niambieni tu ili ununuzi wayafute kwenye oda na oda ifungwe. Kwetu vyote viwili vinakubalika. Ghala wamenihakikishia kwamba hawana upungufu kwa sasa, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana juu ya hilo.

Tarehe ya kulipa nayo naiomba iandikwe, hata kama masharti tunayajua sote. Mkataba wetu unasema siku 30 tangu kupokea ankara sahihi. Nafahamu kwamba kwa kufuata maneno hayo ningeweza kuanza kuhesabu siku ile nitakapopata nakala mpya, lakini hatutafanya hivyo safari hii. Mzigo tulishaupokea na tumeshaanza kuutumia. Mkituma nakala sahihi ndani ya wiki hii, tutahesabu kuanzia jana tarehe 9 Juni, yaani mwisho wa kulipa utakuwa tarehe 9 Julai, hata kama nakala hiyo itafika siku mbili tatu baadaye. Andikeni tarehe hiyo kwenye ankara. Nami upande wangu nitajitahidi mlipwe mapema kuliko hapo, kama nilivyosema, Ijumaa hii.

Lingine ni namba ya ankara. Kama Na. 2291 haijaingia kwenye vitabu vyenu ikiwa na kiasi, tumieni namba hiyohiyo na muandike juu "Nakala iliyosahihishwa". Kama imeshaingia na haiwezi kubadilishwa, basi ifuteni rasmi, mtoe namba mpya, na mtutumie hati inayoonyesha kwamba 2291 imefutwa. Nisingependa namba mbili zibaki hai kwa mzigo mmoja. Hapo ndipo mteja hulipa mara mbili bila kujua, au taarifa yenu ya mwisho wa mwezi inaonyesha tunadaiwa kitu ambacho tulishakilipa, na kulisafisha jambo hilo baadaye huchukua muda mrefu kuliko kulizuia sasa.

Jambo la mwisho naliandika kwa heshima kubwa na bila kumshuku yeyote. Kwenye ankara hii tupu, sehemu pekee ya chini iliyojazwa kikamilifu ni ya akaunti ya benki. Nimeilinganisha na akaunti tuliyonayo kwenye mkataba, na ni ileile, na barua pepe imetoka kwenye anwani yenu ya kawaida. Hata hivyo, matapeli wengi siku hizi huingilia barua pepe za wasambazaji na kubadilisha akaunti kwenye ankara inayotumwa upya, tena hasa pale ambapo mteja mwenyewe ameomba irudiwe. Ndiyo maana nakala mpya ikifika, nitapiga simu kwenye namba iliyo kwenye mkataba wetu na kuthibitisha nawe jumla ya fedha na akaunti kabla ya kulipa. Ikitokea akaunti imebadilika, hatutalipa kwa barua pepe peke yake. Tutahitaji barua yenye saini ya mmoja wa waliosaini mkataba. Ulinzi huu ni wenu kama ulivyo wetu, kwa sababu fedha ikishaenda kwa mtu mwingine, kuirudisha ni kazi ngumu na wewe utakuwa bado hujalipwa.

Nakala ya PDF inatosha, hakuna haja ya kutuma karatasi. Kama mfumo wenu unaendelea kutoa faili tupu, msisubiri hadi urekebishwe: andaeni ankara kwa mkono kwenye karatasi yenye nembo yenu, iwe na namba, bidhaa, idadi, bei, kodi, jumla na tarehe ya kulipa, isainiwe, kisha mwipige picha iliyo wazi au muiskani. Hiyo nitaipokea na kuifanyia kazi siku hiyohiyo. Pia, kama kuna ankara nyingine mlizotuma jana kwa wateja wengine kutoka kwenye mfumo huo, pengine ni vyema mziangalie, maana huenda nazo zimetoka hivi.

Nipo ofisini leo hadi saa 11 jioni na kesho siku nzima. Ukiona simu ni rahisi kuliko kuandika, nipigie kwenye namba ya ofisi unayoitumia siku zote; kama sipo mezani, mwachie ujumbe mwenzangu wa mapokezi nami nitakurudia.

Nakushukuru, Ndugu Salim, na nasubiri nakala hiyo.

Wako katika kazi,

Rehema
Mhasibu wa Malipo ya Wasambazaji
Idara ya Uhasibu