Ripoti ya Jaribio: Kupata Maji Yasiyo na Chumvi Kutoka Maji ya Bahari kwa Uvukizi na Utonesho

Darasa la 7, Kundi la 3

Lengo
Kuchunguza kama maji ya bahari yakigeuka mvuke, kisha mvuke ukatoneshwa, chumvi inabaki nyuma.

Vifaa
Maji ya bahari mililita 400 (yaliletwa kutoka ufukwe wa Kigamboni na kuchujwa kwa kitambaa), sufuria, bakuli dogo la chuma, mfuniko, jiko la gesi, silinda ya kupimia, barafu, saa na vijiko viwili vya chuma.

Hatua
Tulimimina mililita 200 kwenye sufuria, tukaweka bakuli katikati na kufunika kwa mfuniko uliogeuzwa, kishikio kikiangalia chini ili matone yadondokee bakulini. Tulichemsha dakika 15, tukaacha ipoe, tukapima. Jaribio la pili tulilifanya kwa maji mapya, tukajaza barafu juu ya mfuniko na kupunguza moto. Mwisho tulikausha matone 5 ya maji ya bakulini kwenye kijiko juu ya moto. Hatukuonja, mwalimu alikataza.

Matokeo

| | Jaribio la 1 | Jaribio la 2 |
|---|---|---|
| Yaliyobaki sufuriani (ml) | 128 | 141 |
| Yaliyokusanywa (ml) | 31 | 44 |
| Yaliyopotea (ml) | 41 | 15 |
| Kijiko baada ya kukauka | utando mweupe hafifu | safi |

Mfuniko ulianza kufanya ukungu kabla maji hayajatoa mapovu.

Mjadala
Ukungu wa mapema unaonyesha kwamba uvukizi hausubiri maji yachemke. Kuchemka huuongezea kasi tu. Mvuke ulipogusa mfuniko ulipoteza joto ukarudi kuwa maji. Chumvi haikupanda nao, kwa kuwa yenyewe huchemka kwenye nyuzijoto zaidi ya 1,400 za Selsiasi. Wazalishaji wa chumvi hutumia uvukizi huohuo juani, ila wao huuacha mvuke uende na kubaki na chumvi.

Sasa ule utando mweupe wa jaribio la 1 ulitoka wapi? Mwanzoni tulidhani bakuli halikuoshwa vizuri, lakini tulikuwa tumeliosha na kulikausha. Tunaamini moto ulikuwa mkali mno, mapovu yakarusha maji ya chumvi ndani ya bakuli. Maji hayo yalihesabiwa pamoja na yaliyotoneshwa, kwa hiyo hata 31 ni nyingi kuliko haki yake.

Katika jaribio la 1 tulikusanya asilimia 43 ya maji yaliyotoka sufuriani. Katika la 2, asilimia 75. Tungependa kusema ni kazi ya barafu, lakini tulibadilisha vitu viwili kwa pamoja. Moto mdogo nao ulipunguza mvuke uliokuwa ukisukuma mfuniko na kutoroka pembeni. Ili kujua mchango wa barafu peke yake, jaribio la 3 lifanywe kwa moto mdogo bila barafu. Gesi ilituishia kabla ya hapo.