Yah: Rasimu ya ripoti ya robo ya tatu, kiambatisho hakijanifikia

Dada Rehema,

Habari za asubuhi, na pole na kazi. Barua pepe yako ya jana saa 11:40 jioni nimeipata, na nashukuru kwa kuituma mapema kuliko tulivyokubaliana. Umeandika, "Tafadhali tazama kiambatisho, hasa ukurasa wa 7 na jedwali la matumizi." Maelezo yako nimeyasoma yote, ila kiambatisho chenyewe hakimo. Naomba unitumie tena, ikiwezekana leo kabla ya saa 8 mchana, nipate kuisoma rasimu kwa utulivu kabla ya kikao cha Alhamisi.

Kabla ya kukuandikia nimehakikisha kwanza kwamba tatizo haliko kwangu. Barua nimeifungua kwenye simu, kisha kwenye kompyuta, na kote alama ya klipu haionekani. Kwenye folda ya barua taka hakuna kitu chako. Nimeangalia pia ukubwa wa barua nzima: ni kilobaiti 14, yaani maandishi yako na nembo ndogo iliyo chini ya jina lako. Ripoti yenye picha za mafunzo haiwezi kuenea humo. Na mfumo wetu ukizuia faili huwa unaacha taarifa kwamba limezuiwa. Safari hii haupo ujumbe wa namna hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wewe tu ndiye unaweza kulithibitisha. Fungua folda ya barua ulizotuma, uitazame ile ya jana. Ukiikuta klipu pale, basi faili liliondoka kwako likapotelea njiani, na mimi mwenyewe nitawafuata watu wa tehama. Usipoikuta, litakuwa halikuwahi kuambatishwa, na hapo dawa ni kuliambatisha upya kutoka kwenye kompyuta yako. Kuisambaza tena barua ya jana hakutasaidia, kwa sababu itakuja na kilichokuwemo, na humo hamna faili.

Nimekuandikia wewe peke yako kwa makusudi. Najua mkurugenzi na wenzetu wa fedha wamenakiliwa kwenye barua ya jana, na sikuona sababu ya kuwajibu wote kwa jambo ambalo wewe na mimi tunaweza kulimaliza kimyakimya. Siku nzima ya jana ulikuwa kwenye kikao cha bajeti, ukatoka hapo ukakaa kumalizia ripoti. Mtu akiwa na mambo mengi namna hiyo kichwani, kitu kidogo kama hiki humponyoka kirahisi. Kwa upande wako ningekushauri ujibu barua ileile ya jana kwa watu wote, uweke faili, na uandike mstari mmoja tu: "Rasimu ni hii hapa." Hivyo kila mmoja ataipata mahali pamoja na maelezo yako, na hatutakuwa na mazungumzo mawili yenye kichwa kimoja.

Angalia ukubwa wa faili kabla ya kutuma. Rasimu iliyopita ilikuwa na picha nyingi, na barua pepe huligeuza faili kuwa herufi ili lisafiri, jambo linaloongeza ukubwa wake kwa takriban theluthi moja. Faili la megabaiti 20 likiwa njiani linakuwa karibu na 27, na huduma nyingi za barua pepe hukataa kinachozidi 25. Likiwa zito, punguza ubora wa picha ndani ya Word kwa amri ya kubana picha, au liweke kwenye folda yetu ya pamoja kisha ututumie kiungo. Ukichagua kiungo, tafadhali hakikisha umeturuhusu kufungua, maana mkurugenzi atakuwa safarini na hatakuwa na nafasi ya kuomba ruhusa na kusubiri.

Sasa kuhusu toleo. Nilicho nacho mimi ni rasimu ya pili, ile yenye maoni yangu pembeni. Ninayoihitaji ni hiyo uliyoisahihisha baada ya hapo, na naomba masahihisho yako yabaki yanaonekana, usiyakubali kwanza. Nikiona ulichofuta na ulichoongeza nitasoma sehemu hizo tu kwa makini badala ya kuanza upya kurasa zote 32. Jedwali la matumizi nalo nitumie kama faili la Excel lenyewe, si PDF. Kwenye PDF naona jumla tu. Kwenye Excel nikibofya kisanduku naona jumla hiyo imetoka wapi.

Hilo la jedwali linanigusa zaidi, na ndiyo sababu sikutaka kungoja mpaka ukumbuke mwenyewe. Kwenye rasimu ya pili, mstari wa usafiri wa Agosti haukulingana na stakabadhi, na nilishuku kwamba fomula ya jumla iliishia mstari mmoja juu ya ule wa mwisho. Umeandika kwamba umelirekebisha na kwamba maelezo yako ukurasa wa 7. Nakuamini kabisa, lakini wafadhili watatuuliza palepale, na ningependa tuwe tumelitazama wawili kabla hawajatuuliza.

Orodha ya washiriki wa mafunzo iache nje ya barua inayokwenda kwa wote. Ina majina na namba za simu za watu waliotupatia kwa ajili ya mafunzo tu, na wenzetu wa fedha hawaihitaji kwa kazi yao. Nitumie mimi peke yangu, au iache kwenye folda iliyofungwa nami nitaichukua humo.

Wakati nikisubiri sijakaa bure. Kutokana na maelezo uliyoandika kwenye barua yenyewe, nakubaliana nawe kwamba warsha ya tathmini isogezwe hadi robo ijayo. Sababu ulizotoa zinatosha, na nimeshaandika aya moja ya kuziweka kwenye muhtasari wa mwanzo. Nitakutumia uisome ukishanitumia rasimu, tusije tukawa tunahariri sehemu moja watu wawili kwa wakati mmoja. Ombi lako la kuongeza siku mbili za kukusanya takwimu nalo nimelipeleka, na nitakujulisha nikipata jibu.

Kama faili liko kwenye kompyuta uliyoiacha nyumbani, niambie tu kwa ujumbe mfupi wa simu. Nitapanga kusoma usiku, na kesho asubuhi saa 2 tutapitia maoni yangu kwa simu kabla hujaingia kwenye kikao chako kingine. Na kama kuna sehemu ambayo bado hujaridhika nayo, tuma hivyohivyo ilivyo, uiwekee alama ya njano. Nitaelewa kwamba haijakamilika na sitaigusa.

Asante sana kwa kazi uliyoifanya kwenye ripoti hii. Nasubiri faili kutoka kwako.

Mwenzako,
Zuhura
Ufuatiliaji na Tathmini