Tukutane Morogoro Jumamosi ya tarehe 14

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Ulisema utakuja Dodoma tupitie kurasa za mwisho za kitabu chako. Nimeguswa, lakini kwa heshima zote nakuomba usifike huku. Tukutane njiani, Morogoro.

Nilifikiria Dumila pia, maana kwa kilomita ndiko karibu na katikati. Shida ni kwamba reli ya SGR haipiti pale, kwa hiyo sote tungelazimika kupanda basi. Morogoro iko karibu zaidi na Dar, na mimi kusogea zaidi si taabu hata kidogo.

Kuhusu usafiri, ningekushauri treni. Kutoka stesheni ya Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, na unaweza kunyoosha mguu, hata kusimama na kutembea kidogo behewani. Najua kutoka Mbezi hadi stesheni ni mwendo, na asubuhi barabara hujaa, kwa hiyo usichague treni ya kwanza kabisa. Ukifika saa tano au sita mchana, bado tutakuwa na muda wa kutosha. Tafadhali fika stesheni mapema, kwa sababu hufunga milango kabla ya treni kuondoka.

Basi nalo lina faida yake: stendi ya Magufuli iko jirani na kwako, na mabasi ya Morogoro ni mengi. Ila safari inaweza kuchukua saa nne au zaidi foleni ikikaza, na goti litakunjwa muda wote huo. Kama mpwa wako atakuwa na nafasi ya kukuendesha, hilo nalo ni jema. Mwombe tu msimame Chalinze ujinyooshe.

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya mji. Mimi nitakuwa nimeshafika, nitakusubiri mlango wa kutokea abiria nikiwa na teksi. Ukija kwa basi, nitakufuata Msamvu. Usihangaike na bajaji. Nimepata chumba kidogo cha mikutano katika hoteli iliyo karibu na stesheni. Kiko chini, hakuna ngazi, na meza ina mwanga mzuri wa dirisha. Kurasa nimezichapa kwa herufi kubwa ili usichoshe macho. Sura ya saba ndiyo itakayotuchukua muda, kwa kuwa majina ya wanafunzi wako wa zamani nataka tuyahakiki moja baada ya jingine.

Kama tarehe au mahali hapakufai, niambie bila wasiwasi, tutapanga upya. Ukiridhia treni, naomba unitumie jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho pamoja na namba yake kabla ya Jumatano, nikukatie tiketi ya kwenda na kurudi, kiti cha dirishani.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanafunzi wako,
Neema