Ratiba ya chanjo za Imani, nimeitoa kwenye picha ya kadi

Wifi yangu mambo, picha ya kadi ya Imani nimeipata na nimekaa nayo vizuri leo Jumamosi tarehe 17 Mei, nimezumu hadi macho yakauma ila nyingi zinasomeka. Nakuandikia yote hapa halafu meseji za kukumbusha ziko chini, hizo kopi tu uziweke kwenye kalenda ya simu yako na ya kaka, maana ikikaa kwenye simu moja siku betri imeisha ndo basi.

Kwanza nilivyoisoma. Kuzaliwa 5 Februari 2025, BCG na polio ya matone ya mwanzo siku hiyohiyo, hapo hakuna shida. Dozi ya kwanza ya wiki sita nesi kaandika kama 14/3 au 19/3, ile 9 yake haijafunga juu. Mi nimechukua 19, kwa sababu ukihesabu kutoka kuzaliwa tarehe 14 mtoto alikuwa hajafikisha wiki sita na 19 inaangukia wiki sita kamili, tena ni Jumatano na nyie mnaendaga Jumatano. Ile namba ndefu ya pembeni inayoanzia na 24 usiishangae, si tarehe, ni namba ya bechi ya chanjo.

Sasa dozi ya pili ndo ya kuangalia. Kuna 16/4 kwa penseli imefifia na juu yake 30/4 kwa kalamu. Penseli ni siku mliyoambiwa mrudi, kalamu ni siku aliyochomwa kweli, kwa hiyo mlichelewa wiki mbili na wala si neno, chanjo haianzwi upya mtu akichelewa, anaendelea pale alipoishia. Penta 2 ina kalamu, nimonia 2 (imeandikwa PCV) ina kalamu, Rota 2 ina kalamu na kadi yenu Rota ina vyumba viwili tu kwa hiyo hiyo imeisha. LAKINI polio ya matone ya pili ina penseli peke yake, 16/4, kalamu hamna kabisa!! Inawezekana alipewa nesi akasahau kuandika, inawezekana hakupewa. Wewe hata kama unakumbuka matone mdomoni usitegemee hilo, Rota nayo ni matone ya mdomoni na alipewa siku hiyo. Mwambie nesi aangalie kwenye rejista yao, kama haipo humo ihesabiwe hajapewa na apewe, akirudiwa hakuna madhara.

Siku ya kurudi imeandikwa 23/5 au 28/5, mkunjo wa kadi umepita hapohapo juu ya namba. Ni 28. Kati ya dozi na dozi lazima zipite wiki nne, kutoka 30/4 wiki nne ni 28 Mei, na 23 ni Ijumaa. Ukitoka kazini ifunue kadi uangalie kwa macho, ukikuta ni kingine nipigie nibadilishe.

Kitu kimoja kabla hujakopi, tarehe andika kwa jina la mwezi. Simu nyingine inaweka mwezi mbele ya siku, ukiandika 5/11 inakuwekea Mei tarehe 11 na hutajua mpaka siku ipite. Na usiseti "rudia kila wiki nne" ukidhani umemaliza kazi. Penta, nimonia na matone zinahesabiwa kutoka dozi iliyotangulia, mkichelewa moja inayofuata nayo inasogea. Surua na vitamini A zinahesabiwa kutoka kuzaliwa, hizo hazisogei hata mkichelewa za sasa. Alamu ya kwanza nimeiweka siku mbili kabla ili upange ruhusa na nauli, ya pili asubuhi yenyewe, hiyo ni kwa 28 Mei na 5 Novemba tu.

Haya kopi kuanzia hapa:

Jumatatu 26 Mei 2025, 20:00
"Keshokutwa Imani kliniki. Omba ruhusa kazini. Kadi iingie kwenye begi la mtoto USIKU HUU."

Jumatano 28 Mei 2025, 06:30
"Leo: Penta 3, nimonia 3, polio ya sindano ya kwanza, na polio ya matone. Muulize nesi kwanza: matone ya pili yapo kwenye rejista? Mafua au joto dogo si sababu ya kubaki nyumbani, mwambie nesi ataamua yeye. Usitoke kabla hujaona kalamu kwenye kila chumba, piga picha kadi, tuma kwa shangazi."

Jumatatu 23 Juni 2025, 20:00
"Kama matone ya pili alipewa 28 Mei, keshokutwa Jumatano 25 Juni ni matone ya tatu. Kama rejista ilionyesha alishapewa zamani, futa hii."

Jumatatu 4 Agosti 2025, 20:00
"Imani anatimiza miezi sita kesho. Jumatano 6 Agosti vitamini A, kidonge cha bluu. Hakuna sindano, usiahirishe kwa sababu hiyo."

Jumatatu 3 Novemba 2025, 20:00
"Keshokutwa miezi tisa. Piga simu kliniki uulize surua wanafungua siku gani."

Jumatano 5 Novemba 2025, 06:30
"Leo: surua-rubela 1 na polio ya sindano ya pili. Piga picha kadi."

Jumatatu 9 Februari 2026, 20:00
"Jumatano 11 Februari vitamini A ya mwaka mmoja, sasa kidonge chekundu. Uliza na dawa ya minyoo."

Jumatatu 3 Agosti 2026, 20:00
"Keshokutwa Jumatano 5 Agosti mwaka na nusu: surua-rubela 2 na vitamini A. Mtoto akikimbia hivi watu wanaisahau hii, TWENDE."

Mwisho wa kukopi. Ya Novemba nimesema upige simu kwa sababu chupa ya surua inachanganywa na maji yake na ikishafunguliwa haikai zaidi ya masaa sita, kwa hiyo kliniki nyingine wanasubiri watoto wafike idadi ndo wafungue, unaweza kwenda ukarudishwa na mgongo umechoka bure. Na msiiwahishe eti mko safarini, kabla ya miezi tisa kinga aliyoipata kwako tumboni bado inaweza kuizuia chanjo isishike vizuri. Mkirudishwa, sogeza alamu Jumatano inayofuata palepale ukiwa umesimama hapo nje, ukisema nitafanya nyumbani haifanyiki.

Kama nesi atakupa tarehe tofauti na zangu fuata ya nesi, mi nimesoma picha tu. Na nitumie picha nyingine ya ule upande wa nyuma, uipige mchana karibu na dirisha, kadi uinyooshe mezani usiishike mkononi, kivuli cha kidole chako kimeziba mstari wa chini kabisa na sijui kama kuna kitu kimeandikwa hapo.